Kukokotoa kanieneo ya mvuke ya myeyusho: kazi yote ni kuhesabu chembe

Weka glasi moja ya maji matupu na nyingine ya maji ya sukari chini ya kifuniko kimoja kisichopitisha hewa. Ziache siku kadhaa mahali ambapo joto halibadiliki. Ukirudi utakuta maji matupu yamepungua na maji ya sukari yameongezeka, ingawa hakuna aliyemimina kitu. Maji yametoka glasi ya kwanza yakiwa mvuke, yakaingia ya pili yakawa maji tena, na ukiyaacha muda mrefu vya kutosha glasi ya kwanza itakauka kabisa.

Safari hiyo inasababishwa na tofauti ndogo sana. Mvuke uliotulia juu ya maji matupu una msukumo mkubwa kidogo kuliko ule uliotulia juu ya maji ya sukari. Msukumo huo ndio kanieneo ya mvuke. Vitabu vingine huuita shinikizo la mvuke, vingine mgandamizo wa mvuke, na maana ni ileile. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujua kanieneo hiyo itakuwa ngapi baada ya kuyeyusha kitu kisichogeuka mvuke, kama sukari, urea au chumvi, ndani ya kiyeyushi kama maji.

Kanuni yenyewe

Mfaransa François-Marie Raoult, aliyefanya kazi zake Grenoble, ndiye aliyeitoa kanuni hii mwaka 1887 baada ya kupima miyeyusho mingi kwa uvumilivu. Inaandikwa hivi:

P = x × P°

P ni kanieneo ya mvuke ya myeyusho, yaani ile tunayoitafuta. P° ni kanieneo ya mvuke ya kiyeyushi kikiwa safi, katika joto lilelile. Na x ni sehemu ya moli ya kiyeyushi: ukizihesabu chembe zote zilizomo ndani ya myeyusho, ni sehemu gani ya hesabu hiyo ni chembe za kiyeyushi? Ikiwa kati ya chembe 100 chembe 97 ni maji, x ni 0.97, na kanieneo ya mvuke itakuwa asilimia 97 ya ile ya maji safi.

Wengi tulielezwa shuleni kwamba molekuli za sukari hukaa juu ya uso wa maji na kuziba njia, kwa hiyo maji machache ndiyo hupata nafasi ya kutoka. Picha hiyo inasaidia kukumbuka, lakini usiiegemee sana. Molekuli ya sukari ni kubwa mara kadhaa kuliko ya urea. Kama kazi ingekuwa ni kuziba uso, moli moja ya sukari ingeshusha kanieneo kuliko moli moja ya urea. Haiko hivyo: katika myeyusho hafifu zote mbili hushusha karibu sawa. Kinachohesabiwa ni idadi. Maji yaliyochanganyika na chembe ngeni yana namna nyingi zaidi za kujipanga kuliko maji yaliyo peke yake, na kwa sababu hiyo mvuto wa kuuacha umajimaji na kuwa mvuke unapungua. Chembe ngeni zikizidi, namna za kujipanga nazo zinazidi, ziwe chembe kubwa au ndogo.

Ukilishika hilo moja, hesabu yote inakuwa kazi ya kuhesabu chembe kwa uaminifu. Kuzidisha kwa P° hakujamshinda mtu. Wanaokosea hukosea kwenye x.

Kabla hujaanza: je, kiyeyushwa hakigeuki mvuke kweli?

Kanuni katika umbo hili inadhani kwamba mvuke wote uliopo juu ya myeyusho ni wa kiyeyushi. Kwa sukari, chumvi, urea na glukosi dhana hiyo ni salama. Gliseroli nayo inafaa, maana huchemka karibu na nyuzi 290 za Selsiasi na katika joto la kawaida mvuke wake ni wa kupuuzwa. Ethanoli haifai hata kidogo. Ikiwa peke yake katika nyuzi 25, kanieneo ya mvuke wake ni karibu milimita 59 za zebaki, zaidi ya maradufu ya ile ya maji. Ukiichanganya na maji, kanieneo ya jumla itapanda badala ya kushuka. Swali lenye ethanoli, asetoni au kitu kingine kinachonuka mara tu chupa inapofunguliwa linahitaji hesabu ya vimiminika viwili, kila kimoja na mvuke wake. Hilo ni somo jingine.

Hesabu kwa mfano: sukari gramu 150 katika maji gramu 250

Tuchukue sukari ya kawaida, ambayo kwa jina la kemia ni sukrosi, C₁₂H₂₂O₁₁. Tumeyeyusha gramu 150 katika gramu 250 za maji, na myeyusho una nyuzi 25 za Selsiasi.

*Hatua ya 1: tafuta P° ya joto lako.* Hii haikokotolewi, inasomwa kwenye jedwali. Kwa maji safi katika nyuzi 25 ni milimita 23.756 za zebaki, au kilopaskali 3.167. Katika nyuzi 20 ni milimita 17.535, na katika nyuzi 30 ni 31.824. Angalia jinsi zinavyoruka. Jedwali likisomwa kwenye mstari usio wake, hakuna uangalifu wa baadaye utakaoliokoa jibu.

*Hatua ya 2: geuza gramu kuwa moli, kila kitu peke yake.* Masi ya moli ya sukrosi ni gramu 342.30, ya maji ni gramu 18.015.

Moli za sukari: 150 ÷ 342.30 = 0.4382
Moli za maji: 250 ÷ 18.015 = 13.8773

Simama kidogo uzitazame namba hizo. Kwa uzito, sukari ni zaidi ya theluthi moja ya myeyusho, na ukiuonja utaona ni mtamu wa kukera. Kwa hesabu ya chembe lakini, kila molekuli moja ya sukari imezungukwa na molekuli zipatazo 32 za maji. Ndiyo maana badiliko tutakalolipata ni dogo kuliko ulimi unavyotarajia.

*Hatua ya 3: jumlisha moli zote, kisha gawanya moli za kiyeyushi kwa jumla hiyo.*

Jumla: 13.8773 + 0.4382 = 14.3155
x ya maji: 13.8773 ÷ 14.3155 = 0.9694

Usikate tarakimu mapema hapa. Ukiiandika x kama 0.97 umeongeza 0.0006, na kwa kuwa upungufu wote tunaoutafuta ni 0.03 tu, umekosea asilimia 2 ya jibu kwa uvivu wa kalamu. Mimi hubaki na tarakimu nne au tano mpaka mstari wa mwisho.

*Hatua ya 4: zidisha.*

P = 0.9694 × 23.756 = milimita 23.03 za zebaki

Kwa kilopaskali ni 0.9694 × 3.167 = 3.070. Huhitaji kubadilisha kipimo kimoja kwenda kingine, kwa sababu x haina kipimo. Ukiweka P° kwa milimita, jibu linatoka kwa milimita.

*Hatua ya 5: hakiki kwa njia ya pili.* Swali likiuliza kanieneo imeshuka kiasi gani, toa tu: 23.756 − 23.029 = 0.727. Upungufu huo unaweza pia kupatikana moja kwa moja kutoka kwa sehemu ya moli ya sukari yenyewe: 0.4382 ÷ 14.3155 = 0.0306, na 0.0306 × 23.756 = 0.727. Njia mbili zikipatana, ugawanyaji wako uko sawa. Zisipopatana, mara nyingi umesahau kuzijumlisha chembe zote kwenye kigawanyo ukagawanya sukari kwa maji peke yake. Hapo ungepata 0.0316 na upungufu wa 0.750. Namba hiyo inafanana mno na jibu sahihi, na kwa sababu hiyo ni hatari: haikushtui.

Kuna pia ukaguzi wa kichwani ninaoupenda kwa miyeyusho ya maji. Kilo moja ya maji ina moli 55.5. Ukitia humo moli 1 ya chembe, kanieneo inashuka kwa 1 ÷ 56.5, yaani takriban asilimia 1.8. Katika mfano wetu kuna moli 0.438 kwenye robo kilo, sawa na moli 1.75 kwa kilo, kwa hiyo tutarajie upungufu wa asilimia 3 na kidogo. Tulipata 3.06. Mtu akikuletea jibu la asilimia 37 kwa myeyusho huu, hujahitaji kikokotoo kumwambia kuwa amepotea.

Na asilimia 37 hutokea kweli. Ni jibu la anayetumia gramu badala ya moli: 250 ÷ 400 = 0.625, halafu P inakuwa milimita 14.85. Kila hatua inaonekana safi, ila aliyehesabiwa ni uzito na si chembe.

Maji ni ya kiasi gani hasa?

Hapa mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Niliandaa myeyusho wa sukari kwa ajili ya darasa, nikaweka gramu 150 kwenye chupa ya kipimo, nikaongeza maji mpaka mstari wa mililita 250, kisha nikaenda ubaoni nikaandika "maji gramu 250". Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na sukari imekaa wapi?"

Alikuwa na haki. Gramu 150 za sukari iliyoyeyuka huchukua nafasi ya mililita zipatazo 93. Maji yaliyoingia yalikuwa karibu gramu 157, si 250. Rudia hesabu kwa maji hayo: moli za maji ni 8.715, x inakuwa 0.9521, na kanieneo ni milimita 22.62. Upungufu ni 1.14, zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 0.727. Sukari ni ileile na chupa ni ileile, ila namba ya maji iliandikwa bila kufikiri.

Kwa hiyo soma swali lako kwa makini. "Katika gramu 250 za maji" na "katika mililita 250 za myeyusho" ni mambo mawili. La pili haliwezi kutatuliwa bila kujua msongamano wa myeyusho. Ukipewa msongamano, zidisha kwa ujazo upate uzito wa myeyusho mzima, toa uzito wa kiyeyushwa, kinachobaki ndicho kiyeyushi. Ukiwa maabara, dawa ni rahisi zaidi: pima vyote viwili kwa mizani na uache ujazo.

Kuna maji mengine yanayojificha, nayo ni yale yaliyo ndani ya fuwele. Glukosi huuzwa kwa sura mbili: iliyo kavu kabisa, yenye masi ya moli 180.16, na ile ambayo kila molekuli yake imeshikana na molekuli moja ya maji, yenye masi ya moli 198.17. Kwa macho zote ni unga mweupe, kwa hiyo ni lebo tu itakayokuambia. Tuseme umeyeyusha gramu 50 za ile yenye maji katika gramu 250 za maji. Moli za glukosi ni 50 ÷ 198.17 = 0.2523. Maji yaliyokuwa kwenye fuwele nayo ni moli 0.2523, na mara fuwele inapoyeyuka yanakwenda kujiunga na kiyeyushi. Maji yote ni 13.8773 + 0.2523 = 14.1296, na x inatoka 0.9825. Upungufu katika nyuzi 25 ni milimita 0.417. Ungeichukulia kama glukosi kavu ungepata 0.466, kosa la zaidi ya sehemu moja kwa kumi kwa sababu ya lebo isiyosomwa.

Chumvi: chembe moja inapokuwa mbili

Sukari ikiyeyuka, molekuli inabaki nzima. Chumvi ya mezani, NaCl, inavunjika: kila NaCl inatoa ayoni mbili, moja ya sodiamu na moja ya klorini. Kwa kuwa tunahesabu chembe, moli moja ya chumvi inaingia kwenye hesabu kama moli mbili. Kizidisho hiki hubeba jina la Mholanzi Jacobus van 't Hoff na huandikwa i. Kwa NaCl ni 2. Kwa CaCl₂ ni 3, maana hutoa ayoni moja ya kalsiamu na mbili za klorini. Kwa sukari, urea na glukosi ni 1.

Chukua gramu 30 za chumvi katika maji yaleyale gramu 250, nyuzi 25. Masi ya moli ya NaCl ni 58.44.

Moli za chumvi: 30 ÷ 58.44 = 0.5133
Moli za ayoni: 0.5133 × 2 = 1.0267
x ya maji: 13.8773 ÷ (13.8773 + 1.0267) = 0.9311
P = 0.9311 × 23.756 = milimita 22.12

Linganisha na sukari. Gramu 150 za sukari zilishusha milimita 0.73, na gramu 30 tu za chumvi zimeshusha 1.64. Chumvi inashinda mara mbili: chembe yake ni nyepesi, hivyo gramu chache zina moli nyingi, halafu kila moja inagawanyika. Ukisahau kuzidisha kwa 2 utapata 22.91, karibu nusu ya upungufu wote imepotea.

Angalizo dogo kuhusu mahali pa kuiweka i. Inazidisha moli za kiyeyushwa kila mahali zinapotokea, juu na chini ya mstari wa kugawanya. Wapo wanaokokotoa sehemu ya moli ya chumvi kwanza bila i, wapate 0.0357, kisha wanazidisha kwa 2 mwishoni. Hiyo inatoa 0.0713, wakati jibu linalostahili ni 0.0689. Kwenye myeyusho hafifu sana tofauti haionekani, hapa inaonekana.

Joto likibadilika

Sehemu ya moli haijali joto. Myeyusho wetu wa sukari una x ya 0.9694 uwe wa baridi au wa moto, ilimradi maji hayajapungua. Kinachobadilika ni P°. Katika nyuzi 50, P° ya maji ni milimita 92.5, na ya myeyusho inakuwa 89.7. Katika nyuzi 100, ambapo maji safi yana 760 na yanachemka usawa wa bahari, myeyusho una 736.7 tu. Bado haujaifikia kanieneo ya hewa, kwa hiyo hauchemki. Inabidi uupashe zaidi, kasoro kidogo ya nyuzi moja, ndipo uchemke.

Jambo gumu la joto liko kwenye kupima, si kwenye kukokotoa. Ukishusha joto la maji safi kutoka nyuzi 25 hadi 24.5, kanieneo ya mvuke inashuka hadi karibu milimita 23.06. Hiyo ni karibu sawasawa na 23.03 tuliyoipata kwa kutia gramu 150 za sukari! Nusu nyuzi ya joto inaweza kuumeza upungufu wote uliokuwa unautafuta. Ukijaribu lile jaribio la glasi mbili na usione kitu, au ukaona maji yakienda kinyume, shuku joto kwanza. Pengine glasi moja iko upande wa dirisha. Ziweke zigusane, funika boksi lote kwa kitambaa kizito, na uliweke mbali na jua na ukuta wenye joto.

Tahadhari hiyo inahusu pia hesabu ya kinyume, ile ya kutafuta masi ya moli ya kitu usichokijua. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme gramu 20 za kitu kisichovunjika zimeyeyushwa katika gramu 100 za maji, na kanieneo katika nyuzi 25 imepimwa kuwa 23.29. Sehemu ya moli ya maji ni 23.29 ÷ 23.756 = 0.98038. Maji ni moli 5.5509, basi moli zote ni 5.5509 ÷ 0.98038 = 5.6620. Toa maji, kiyeyushwa ni moli 0.1111, na masi ya moli ni 20 ÷ 0.1111 = 180. Inafanana na glukosi. Sasa tuseme kipimo chako kimekosea kidogo tu, kikasoma 23.31. Fuata njia ileile na utafika 188. Sehemu mbili kwa mia za milimita zimekupeleka gramu 8 pembeni, kwa sababu unatoa namba mbili kubwa zinazokaribiana na kutegemea kibaki kidogo. Kwenye karatasi ya mtihani haidhuru. Kwenye meza ya maabara, mtu mwenye kipimajoto kizuri hupata jibu la uhakika zaidi kwa kupima jinsi kiwango cha kuganda kinavyoshuka.

Kanuni inapoishia

Kanuni ya Raoult inadhani kwamba molekuli ya maji haioni tofauti kati ya kukaa jirani na maji mwenzake na kukaa jirani na kiyeyushwa. Katika myeyusho hafifu dhana hiyo inavumilika, kwa sababu maji mengi yamezungukwa na maji. Katika myeyusho mzito haivumiliki, na chumvi inalionyesha hilo vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Kwenye mfano wetu wa gramu 30 katika gramu 250, vipimo vinatoa x inayofanya kazi kama 0.930, nasi tulikokotoa 0.931. Ni karibu mno, ila kwa bahati kidogo: ayoni huvutana zenyewe kwa zenyewe, jambo linalopunguza nguvu yao ya kushusha, na papo hapo hushikilia maji, jambo linaloiongeza. Katika uzito huo mambo mawili yanakaribia kufutana.

Sasa endelea kutia chumvi mpaka ikatae kuyeyuka. Katika nyuzi 25 maji gramu 100 hubeba karibu gramu 36. Hesabu: 36 ÷ 58.44 = 0.6160, mara 2 ni 1.2320. Maji ni moli 5.5509. x inatoka 0.818, kwa hiyo kanuni inatabiri kanieneo ya asilimia 82 ya maji safi, milimita 19.44. Ukipima utapata asilimia 75.3, karibu milimita 17.9. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Ni kwamba katika myeyusho huo kila jozi ya ayoni imebakiwa na molekuli 9 tu za maji, na nyingi kati ya hizo zimeng'ang'aniwa na ayoni kiasi kwamba haziko huru kutoka kama maji ya kawaida. Maji huru ni machache kuliko tuliyoyahesabu, na kanieneo inashuka kupita utabiri.

Utajuaje basi lini uiamini? Mimi huangalia x kabla ya kuandika jibu. Kwa sukari, urea na wenzake, x ikiwa juu ya 0.97 nalala usingizi. Ikiwa kati ya 0.97 na 0.93 naandika jibu nikijua tarakimu ya mwisho si ya kuapia. Chini ya hapo naandika kando kwamba ni makadirio, na kama kazi inahitaji usahihi natafuta jedwali la vipimo halisi. Kwa chumvi zenye ayoni za chaji kubwa, kama salfeti ya magnesiamu, shaka inaanza mapema zaidi, kwani ayoni zake hushikana jozi jozi na i haifikii 2 hata katika myeyusho ambao kwa macho ni hafifu.

Kasoro hiyo ya chumvi iliyoshiba ina faida yake. Asilimia 75 haibadiliki karibu kabisa kati ya nyuzi 10 na 30, na haijali umeweka chumvi kiasi gani, mradi ionekane bado kuna chumvi isiyoyeyuka. Kwa hiyo hewa iliyofungiwa pamoja na chumvi hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, na hutumika kuhakiki vipimo vya unyevu wa hewa. Weka vijiko viwili vya chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiwe supu. Iweke pamoja na kipimo chako ndani ya chombo kinachofunga barabara, visigusane, uviache usiku mzima pasipo na jua. Asubuhi soma bila kufungua. Kipimo kikionyesha 79, kinazidisha kwa 4. Kikionyesha 82, ile namba ya kanuni, usidhani umethibitisha nadharia: chombo kinavuja, au chumvi yote imeyeyuka, au kipimo ni kibovu.